Kidoleni 98 lakini mgonjwa anasinzia: nisaidieni kuisoma ABG hii

#1 IntaniWaZamu
Wakuu, habari za usiku. Nipo mwaka wa intanishipu hapa Dar. Naleta kisa, nimebadilisha mambo madogo madogo mgonjwa asitambulike.

Mama wa miaka 58, aliwahi kutibiwa TB mara mbili, na kapikia kuni na mkaa tangu ujana wake. Kaletwa dharura anahema juu juu, kifua kinalia filimbi, makohozi yamegeuka kijani. Oksijeni ya kidoleni asilimia 82. ABG ya kwanza, yaani kipimo cha gesi za damu ya ateri, akivuta hewa ya kawaida:

```
pH     7.34
PaCO2  62
PaO2   48
HCO3   32
```

Akawekewa barakoa yenye mfuko, lita 10. Kidole kikapanda hadi 98 na ndugu wakashusha pumzi. Haikupita saa nzima, mama akaanza kusinzia katikati ya maneno. Ukimwambia anyooshe mikono, viganja vinadondoka na kurudi, vinadondoka na kurudi. ABG ya pili:

```
pH     7.22
PaCO2  88
PaO2   140
HCO3   35
```

Rejistra alipofika akashusha oksijeni na kuagiza mashine ya kusaidia kupumua kwa barakoa. Swali langu: je, ABG ya kwanza peke yake ilitosha kutuonya? Wenzangu wanasema pH ilikuwa karibu sawa, kwa hiyo ilikuwa halali kumchukulia kama mgonjwa wa nimonia aliyepungukiwa oksijeni tu.

#2 Kipimajoto
Wenzako wako sahihi. Oksijeni chini ya 60 ni aina ya kwanza ya kushindwa kupumua. Aina ya pili ni pale damu inapokuwa na asidi, na 7.34 siyo asidi ya kumtisha mtu. Kilichotokea baadaye kinajulikana: wagonjwa hawa wanapumua kwa kusukumwa na uhaba wa oksijeni, mkimpa nyingi ubongo unasema sina shida tena, unalala. Mlimzima wenyewe.

#3 MzeeWaKifua
Kipimajoto, polepole. Aina haigawanywi kwa pH. Inagawanywa kwa PaCO2, yaani hewa ukaa ya damuni. Oksijeni ikiwa chini ya 60 na hewa ukaa ikiwa kawaida au chini, hiyo ni aina ya kwanza. Hewa ukaa ikivuka 45, ni aina ya pili. Mama aliingia mlangoni na 62, kwa hiyo alikuwa aina ya pili kabla hajaiona barakoa yoyote.

pH kazi yake ni nyingine: inakuambia jambo limeanza lini. Hapo ndipo ABG ya kwanza ina utamu. Hewa ukaa ya kawaida ni 40, yeye ana 22 zaidi. Ingekuwa imepanda leo hii, baikaboneti, ile HCO3, ingejongea kidogo sana, kama moja kwa kila 10, yaani kutoka 24 hadi 26. Ikiwa ni ya siku nyingi, figo zinapata muda wa kuitunza, na baikaboneti hupanda kama 4 kwa kila 10. Fanya hesabu: 24 ongeza karibu 9, unapata 33. Yake ni 32. Huyu mama amekuwa akiishi na hewa ukaa ya juu kwa muda mrefu, pengine miaka, na hakuna aliyempima.

Kwa hiyo ile pH iliyowatuliza wenzako ndiyo ilikuwa alama ya hatari. Mtu mwenye hewa ukaa 62 na pH inayokaribia kawaida ni mtu aliyezoea. Na aliyezoea ndiye wa kupewa oksijeni kwa kipimo.

#4 Kipimajoto
Sawa mzee wangu, kwenye mgawanyo nimekuelewa. Kwenye sababu bado nasimama pale pale.

#5 DamuMbichi
Kabla hamjaenda mbali, mimi ni mtu wa maabara na swali langu ni moja: mna uhakika ile damu ya kwanza ilitoka kwenye ateri? PaO2 48 inanukia vena. Naletewa sirinji kama hizo kila wiki, intani kachoma kifundo cha mkono, damu imekuja nyeusi, anaandika ateri.

#6 IntaniWaZamu
Ilipanda yenyewe kwenye sirinji bila kuvuta, mkuu. Lakini ilikuwa nyeusi kweli.

#7 MzeeWaKifua
Swali la DamuMbichi ni la msingi. Jibu lake liko kwenye kidole. Damu yenye PaO2 48 na pH kama ile hubeba oksijeni kwa kiasi cha asilimia 82 hivi, na kidole wakati huo kilisoma 82. Vimekubaliana, kwa hiyo ni ateri. Weusi wa damu haukuambii kitu kwa mtu aliye na 82, lazima iwe nyeusi. Kama kidole kingesoma 94 na karatasi ikasema 48, hapo ningeichana karatasi na kuchoma upya. Ndiyo maana namba ya kidole ya dakika ileile iandikwe pembeni ya ABG, pamoja na kiasi cha oksijeni anachovuta. ABG isiyo na hayo mawili ni nusu ya habari.

#8 DamuMbichi
Nimeridhika. Naongeza la joto la mji wetu. Sirinji ikikaa mezani huku mnatafuta mtu wa kuipeleka, chembe za damu zinaendelea kula oksijeni na kutoa hewa ukaa mle ndani. Kwa mtu mwenye chembe nyeupe nyingi sana inaenda kasi zaidi. Na mapovu ya hewa yatolewe palepale kabla ya kuziba, kwa sababu povu likibaki linaivuta oksijeni ielekee ile ya hewa ya chumbani na linashusha hewa ukaa. Heparini ya maji ikizidi kwenye sirinji nayo inashusha hewa ukaa na baikaboneti kwa kuzichanganya na maji. Yaani makosa mawili ya kawaida kati ya haya yanamfanya mtu wa aina ya pili aonekane nafuu kuliko alivyo.

#9 MamaTunu_Mbagala
Samahani madaktari, mimi si wa fani. Nimesoma hapa nimeingiwa na hofu. Baba yangu ana mapafu mabovu tangu aache kazi ya kiwandani, tuna ile mashine ya oksijeni ya umeme nyumbani. Tuliambiwa lita moja. Ndugu yangu kila akija akiona kidole kinasoma 90 anazungusha hadi 4, anasema 90 ni alama mbaya. Siku hizi baba akiamka kichwa kinamgonga na mchana analala kwenye kiti mkono umeshika kikombe. Kumbe oksijeni ni sumu? Niizime?

#10 MzeeWaKifua
Mama Tunu, usiizime. Narudia, usiizime ghafla. Rudisheni kwenye lita moja mliyoandikiwa, na asubuhi mpelekeni baba hospitali apimwe gesi za damu. Kama usiku huu anakuwa mgumu kuamka, au anaongea visivyoeleweka, msisubiri asubuhi. Kichwa cha asubuhi pamoja na usingizi wa mchana kwa mtu wa namna hiyo vinatufanya tufikirie hewa ukaa iliyojaa. Kwa mgonjwa kama baba yako 90 huwa ndiyo shabaha yenyewe, tunataka akae kati ya 88 na 92. Ndugu yako anaona pungufu, kumbe baba amefika pale tulipomtaka.

#11 PwaniMpole
Mzee eleza kwa nini asizime ghafla, maana mimi ningezima. Kama oksijeni imeleta shida, ondoa oksijeni.

#12 MzeeWaKifua
Chukua mama wa intani. Hapa Dar tupo usawa wa bahari. Hewa tunayovuta, ikishalowana ndani ya njia za hewa, ina oksijeni ya kama 150. Ikifika kwenye vifuko vya mapafu inagawana nafasi na hewa ukaa. Hesabu ya oksijeni ya vifukoni tunayotumia kitandani ni hii:

```
PAO2 = 150 - (PaCO2 / 0.8)
```

Alipofika, hewa ukaa 62: ukigawa kwa 0.8 unapata karibu 78, vifukoni ikabaki 72. Kwenye damu alikuwa na 48. Tofauti ni 24.

Sasa baada ya barakoa hewa ukaa imefika 88. Mvue barakoa ghafla, arudi kwenye hewa ya kawaida. 88 gawa kwa 0.8 ni 110. Vifukoni inabaki 40. Toa ile tofauti yake ya 24, damuni inabaki 16. Hakuna anayeishi hapo. Oksijeni mwilini inaisha kwa dakika chache, ila hewa ukaa imejaa kwenye tishu zote na haitoki kwa kasi hiyo. Ukimvua unamrudisha chini kuliko alipoanzia. Ndiyo maana rejistra alishusha, hakuondoa.

#13 PwaniMpole
Duh. 16. Nimekoma.

#14 Uyole_Juu
Nyongeza ya haraka kutoka Mbeya. Hiyo 150 ni ya kwenu huko pwani. Huku tuko kama mita 1,700 juu, ukifanya hesabu kwa hewa ya huku inakuja karibu 120. Nimeona watu wanatumia 150 kwa mgonjwa wa huku na kumpa ugonjwa wa mapafu asiokuwa nao.

#15 IntaniWaZamu
Asante Uyole. Mzee, hiyo tofauti ya 24 inatuambia nini zaidi? Tulifundishwa kuihesabu lakini sijawahi kuona inabadilisha uamuzi.

#16 MzeeWaKifua
Inakuambia kama tatizo liko kwenye mapafu yenyewe au kwenye kinachoyasukuma. Mhunzi anaweza kukosa moto kwa sababu mkaa umelowa, au kwa sababu mivukuto haina nguvu. Ukitazama oksijeni peke yake, wote wawili wanafanana.

Kwa mtu wa miaka 58 tunategemea tofauti isizidi kama 18. Ana 24, imezidi kidogo. Mapafu yake yana kovu, ndiyo, lakini sehemu kubwa ya uhaba wa oksijeni aliokuja nao inaelezwa na hewa ukaa iliyochukua nafasi. Linganisha na kijana wa nimonia: pH 7.48, hewa ukaa 29, PaO2 52. Vifukoni ana 114, damuni 52, tofauti 62. Huyo mapafu ndiyo yanayoziba njia. Anapumua kwa nguvu hadi hewa ukaa imeshuka, na oksijeni haipiti. Huyo ndiye aina ya kwanza halisi, na yeye usimbanie oksijeni hata kidogo.

#17 NesiMwandamizi
Naomba kuongezea hapo kwa kijana wa nimonia, na hasa wa pumu. Akija na hewa ukaa 29 anahema kwa kasi, sina wasiwasi naye kama ninavyokuwa nao akifika 40 bila dalili nyingine yoyote ya kupona. Karatasi inasema kawaida, kumbe amechoka. Mtu wa pumu kali anapaswa kuwa chini. Akirudi kawaida huku kifua kimenyamaza na hawezi kumaliza sentensi, yuko njiani kuvuka kwenda aina ya pili. Nimeona mtu anaandikiwa "ABG nzuri" na nusu saa baadaye tunaingiza bomba kooni. Ile namba isomwe pamoja na kifua kinachopanda na kushuka mbele yako.

#18 MzeeWaKifua
Dada umesema lililo muhimu kuliko hesabu zangu zote.

#19 Kipimajoto
Turudi kwenye sababu maana mmeniacha pembeni. Mama alipumua kidogo kwa sababu alipewa oksijeni nyingi. Kuna ubishi gani?

#20 FiziolojiaTu
Upo, na mkubwa. Mwaka 1980 Aubier na wenzake walipima jambo hilo hilo, wakawapa oksijeni tupu wagonjwa wa mapafu sugu waliokuwa wamezidiwa. Hewa ukaa ilipanda sana, lakini kiasi cha hewa wanachopumua kwa dakika kilishuka mwanzoni kisha kikarudi karibu pale pale. Kama ubongo ndio ulilala, hewa hiyo ingebaki chini. Maelezo yao yaliegemea zaidi kwenye mapafu: sehemu mbovu za mapafu kwa kawaida hufunga mishipa yake ili damu isipite bure. Ukizimwagia oksijeni mishipa inafunguka, damu inakwenda kwenye sehemu zisizo na hewa ya kutosha, inarudi na hewa ukaa yake vilevile. Na juu yake kuna himoglobini: ikibeba oksijeni nyingi inaiachia hewa ukaa iliyokuwa imeishika, nayo inaingia kwenye damu.

#21 Kipimajoto
Lakini mama wa intani alisinzia. Aliyesinzia anapumua kidogo. Utafiti wa dakika chache hauwezi kunieleza mtu aliyekaa na lita 10 karibu saa nzima.

#22 FiziolojiaTu
Kusinzia kulikuja baada ya hewa ukaa kupanda, si kabla. Hewa ukaa ikizidi sana yenyewe inalewesha. Ila nakubali, kuna wagonjwa ambao kupumua kwao hushuka kweli wakipewa oksijeni, na hakuna anayejua kitandani huyu ni yupi.

#23 NesiMwandamizi
Mimi naona mmesahau la tatu, uchovu. Alikuja anahema juu juu tangu siku ngapi? Huenda hewa ukaa ingepanda hata bila barakoa. Intani, aliandikiwa kupumua mara ngapi kwa dakika, mwanzo na baadaye?

#24 IntaniWaZamu
Mwanzo 32. Baadaye 14, lakini kifupi kifupi.

#25 Kipimajoto
32 hadi 14! Sasa nani mkweli?

#26 FiziolojiaTu
Hapo umepata hoja, sikunyimi. Ila 14 hiyo inafaa kwako na kwa Nesi sawasawa. Ubongo uliolala na misuli iliyochoka vyote vinatoa 14.

#27 MzeeWaKifua
Msije mkagombana. Baikaboneti ya pili inasema kitu kimoja bila ubishi: kutoka 62 hadi 88 ni nyongeza ya 26, na baikaboneti imepanda kutoka 32 hadi 35, hiyo ni kasi ya leo. Kwa hiyo ni jambo jipya juu ya la zamani. Lipi kati ya matatu lililochangia zaidi, karatasi haiwezi kusema. Matibabu ni yale yale, oksijeni ishushwe hadi 88 kwa 92, dawa za kufungua kifua, na hewa ukaa ikibaki juu na pH chini ya 7.35, mashine ya barakoa mapema.

#28 DawaNaMaji
Niulize lingine. Huyu mama alikuwa anatumia dawa za kukojoza? Wengi wa namna hii miguu imevimba, wanapewa furosemaidi. Dawa hiyo inapandisha baikaboneti, na baikaboneti ikiwa juu mwili unapunguza kupumua. Huenda ile 32 si ya miaka, ni ya vidonge.

#29 IntaniWaZamu
Alikuwa nayo kweli, binti yake alileta kibahasha.

#30 MzeeWaKifua
DawaNaMaji, swali zuri. Ingekuwa vidonge peke yake, pH ingeegemea juu ya 7.40, kwa sababu chanzo kingekuwa baikaboneti na hewa ukaa ingefuata nyuma. Yake iko 7.34, kwa hiyo hewa ukaa ndiyo inayoongoza. Lakini vyote viwili vinaweza kukaa kwa mtu mmoja na siwezi kukuambia ni kiasi gani cha ile 32 ni cha figo na kiasi gani ni cha furosemaidi. Potasiamu na kloraidi zingesaidia. Njia nzuri ni ABG nyingine akiwa ametulia, wiki kadhaa baada ya kutoka wodini. Hiyo ndiyo itakayotuambia makazi yake ni wapi.

#31 Mgeni_Tandika
Mnasema shabaha 88 hadi 92 kwa kidole. Nilisoma kwamba vimashine hivi vinatudanganya sisi weusi. Ni kweli au maneno ya mitandaoni?

#32 FiziolojiaTu
Ni kweli. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2020 ulikuta kwamba kati ya vipimo vya wagonjwa weusi ambavyo kidole kilisoma 92 hadi 96, karibu asilimia 12 damu ilikuwa chini ya 88. Kwa weupe ilikuwa karibu asilimia 4.

#33 NesiMwandamizi
Sasa hapo ndipo pananipa shida. Nikimshikilia mgonjwa wangu kwenye 89 ya kidole, huenda damuni yuko 84. Nikimpandisha niwe salama, namjazia hewa ukaa. Na ABG hatuwezi kuchoma kila saa, vifaa vyenyewe vinaisha katikati ya mwezi.

#34 MzeeWaKifua
Binafsi naanza na ABG moja, naangalia kidole kinapishana kiasi gani na damu kwa mgonjwa huyo, kisha naifuata tofauti hiyo. Siyo kamili, maana tofauti yenyewe inaweza kubadilika.

#35 DamuMbichi
Na pale ateri inapogoma, leteni hata ya vena. Hewa ukaa ya vena huwa juu kidogo kuliko ya ateri. Ikiwa ya vena iko chini ya 45, mgonjwa habakizi hewa ukaa, mnaweza kutulia upande huo. Ikiwa juu, hapo mtafuteni ateri, namba ya vena haiwezi kuwaambia ni juu kiasi gani. Oksijeni ya vena msiisome kabisa.

#36 Kipimajoto
Hiyo ya vena sikuijua. Asante mkuu.

#37 MamaTunu_Mbagala
Nimerudi. Baba kapimwa leo, wamesema hewa ukaa 58 na pH 7.37, hajalazwa. Wameandika kwa kalamu nyekundu lita 1, tusizidishe. Ndugu yangu kasomewa karatasi mbele ya daktari. Sasa anauliza, akiwa anatembea kwenda chooni na kidole kikashuka 84, tufanyeje?

#38 NesiMwandamizi
Pole na hongera Mama Tunu. Akae kidogo, apumue kwa midomo iliyobinywa kama anayepuliza mshumaa, mwangalie kama kinarudi ndani ya dakika moja mbili. Kisirudi, rudi hospitali. Na mwulize daktari wake kama anataka kipimo tofauti cha oksijeni wakati wa kutembea, maana hilo huandikwa peke yake.

#39 IntaniWaZamu
Taarifa ya mama: baada ya mashine na oksijeni kushushwa, pH 7.31, hewa ukaa 68, PaO2 58. Anaongea, kaomba uji. Mzee Wa Kifua, rejistra anataka barakoa ya venturi ya asilimia 28, zile nyeupe, tumebaki na za kijani tu za asilimia 60. Kuna anayejua duka la vifaa Kariakoo lenye nyeupe au za bluu?

#40 PwaniMpole
Nitapita kesho mchana, nikizikuta nakupigia picha. Ila mrija wa puani wa lita 1 haukutoshi kwa sasa?

#41 MzeeWaKifua
Unatosha kwa usiku huu, ila kwa mtu anayehema, mrija unabadilika badilika kila pumzi, venturi haibadiliki. Mkikuta za bluu chukueni hizo, 24 nayo inafaa kuanzia.